Herufi bubu za Kiingereza: anza na maneno ya mwili

Wiki yangu ya pili katika kazi ya kea, kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza, nilipewa ripoti ya usiku niwasomee wenzangu wa zamu ya asubuhi. Nikasoma bila wasiwasi: mama wa chumba cha nne ana mchubuko kwenye "kinii" na uvimbe kwenye "thambu". Nesi akaniangalia, kisha akaomba karatasi ajisomee mwenyewe. Maneno yenyewe, knee na thumb, nilikuwa nayo tangu shule ya msingi. Ila nilikuwa nayo kwa macho, na macho ya Mswahili hayajui kuruka herufi.

Ukiwa kwenye kazi hizi, anza na mwili, maana ndiko herufi bubu zilikojazana. Goti, knee, ni "nii". Fundo la kidole, knuckle, ni "nakl". K ikitangulia n mwanzoni mwa neno, inyamazishe bila kuuliza. Zamani Waingereza waliitamka, na Wajerumani hadi leo wanaitamka katika Knie yao. Waingereza waliiacha kati ya karne ya 17 na ya 18, lakini vitabu vilikuwa vimeshachapwa na k yake, ikabaki. W iliyo mbele ya r ni vilevile: kifundo cha mkono, wrist, ni "rist".

Mb ya mwishoni ndiyo inayotuumbua zaidi. Dole gumba, thumb, ni "tham", kwa th ya thamani. Mkono au mguu, limb, ni "lim". Kwenye maneno haya mawili b haikuwepo kabisa hapo kale; waandishi waliipachika baadaye. Ukishaitoa b, usiweke u mahali pake. Sisi tunapenda neno liishie na irabu, kwa hiyo "tham" inateleza kuwa "thamu". Funga midomo kwenye m, uiache imefungwa.

L nayo ina masharti. Hunyamaza ikiwa baada ya a na kabla ya f, m au k: shavu la mguu, calf, ni "kaaf", kiganja, palm, ni "paam", kutembea, walk, ni "wook". Wamarekani wengi huitamka l ya palm, kwa hiyo ukiisikia huko usishangae. Irabu ikiwa nyingine, l kwa kawaida husikika. Mimi nilipoijua kanuni hii niliishika kupita kiasi, nikawa naomba "mik" ya chai. Milk ina l yake kamili. Yai ndilo lenye mtego: kiini chake, yolk, ni "yook", l haimo.

Kuna msaada tulionao nyumbani ambao hatuutumii. Maneno mengi ya Kiingereza yaliingia Kiswahili kwa sikio, na sikio halikuchukua herufi bubu. Tunasema risiti, na p ya receipt haimo. Tunasema saini, g ya sign haimo. Bomu halina b ya pili ya bomb, nimonia haina p ya pneumonia, wala saikolojia haina p ya psychology. Kwa hiyo ukikutana na psoriasis kwenye faili la mgonjwa, ikumbuke saikolojia: ni "soraiasis", mkazo ukiwa kwenye "rai". Kemia nayo inakukumbusha kwamba ch mara nyingine ni k, kama ilivyo kwenye stomach, yaani "stamak", na ache, yaani "eik".

Tahadhari moja: herufi bubu inaweza kufufuka neno likirefuka. C ya muscle imelala, lakini kwenye muscular inaamka na kuwa k. G ya sign inarudi kwenye signature. Ila mb ikiongezewa -ing au -er kwa kawaida b hubaki kimya: climbing ni "klaiming", bila b. Ndiyo maana number inaweza kuwa maneno mawili kwa maandishi yaleyale: "namba" ya kuhesabu, na "nama", yaani iliyokufa ganzi zaidi. Mzee akikwambia mguu wake ni "nama" kuliko jana, hakutajii namba yoyote, na hilo ni la kuandikwa kwenye ripoti na kumwambia nesi saa hiyohiyo.

Siku hizi nikipewa ripoti naipitia kwanza na penseli dakika mbili, nachora mstari mwembamba juu ya kila herufi isiyotamkwa. Neno nisilolijua nalifungua kwenye kamusi ya Cambridge mtandaoni na kubonyeza spika ya UK, kwa sababu hapo kuna ya US pia na hazilingani. Nalisema mara tatu kabla ya kuliangalia tena lilivyoandikwa. Lililonishinda muda mrefu ni diarrhoea. Ni "daiaria", na "ri" yake ndiyo inayovutwa na kubebeshwa mkazo.