Kabla Hujapokea Kazi ya Unukuzi: Mambo ya Kuzingatia

Mwenzangu,

Kuanzia wiki ijayo, picha za madaftari ya hesabu na watu wanaojitolea kuyanukuu watakuwa chini yako. Kabla hujamkabidhi yeyote ukurasa, soma haya. Mengi nimeyajua baada ya kuharibu.

Anza na jedwali la kompyuta wanamonukulia. Safu zote, hata za fedha, ziweke katika mpangilio wa maandishi kabla mtu hajaandika herufi moja. Usipofanya hivyo programu inajifanya mjuzi: 1/2 iliyomaanisha nusu inageuka tarehe, na risiti namba 0047 inabaki 47. Ukirekebisha mpangilio baadaye, sufuri zilizopotea hazirudi. Kujumlisha tunafanyia kwenye nakala, si kwenye jedwali mama. Kila mstari pia ubebe namba ya picha na nafasi yake ndani ya picha hiyo. Usitegemee namba za kurasa za daftari, maana karani aliyeziandika aliweza kuruka moja au kuirudia mara mbili.

Wanukuzi wape kanuni moja kabla ya nyingine zote: tunaandika kilichoandikwa, si kilichopaswa kuandikwa. Nisiwasingizie wazembe; wanaonisumbua zaidi ni wale wenye tahajia safi, kwa sababu wanasahihisha bila hata kujua wamesahihisha. Jina lililoandikwa kwa namna mbili kwenye ukurasa mmoja libaki hivyo hivyo. Neno lenye shaka lifuatwe na [?], na lisilosomeka kabisa liwe [haisomeki]. Mtu anayekuletea kurasa kumi za mwandiko mbovu bila alama hata moja ya shaka, zikague kwanza hizo.

Kuna zile alama mbili ndogo ambazo karani huweka kumaanisha “kama hapo juu”. Ziandikwe zilivyo, na safu ya pembeni ijazwe neno zinalolisimamia. Mwanzoni sikuwa na safu hiyo. Siku moja nilipanga jedwali kwa alfabeti ya majina, mistari ikahama, na kila alama ikawa inarejelea mtu mwingine. Tuliinukuu upya sehemu ile yote.

Ukaguzi una hatua mbili. Kwanza, kila ukurasa unanukuliwa na watu wawili wasioonyeshana, kisha matoleo yanalinganishwa. Wanapotofautiana, usipige kura, fungua picha. Na wakikubaliana, usilale: wote wawili wanaweza kuliona jina walilolizoea mahali palipo na jina geni. Kwa hiyo tumia karatasi ya herufi. Kwa kila karani tumekata vipande vya herufi zake kutoka maneno yasiyo na ubishi, ili herufi ya utata ilinganishwe na mkono ule ule.

Hatua ya pili ni jumla. Karani aliandika jumla chini ya ukurasa, nasi tunajumlisha tulichonukuu. Chukua ukurasa wa mistari 32 ulionipotezea asubuhi moja: daftari linasema 1,486, sisi tukapata 1,513. Tofauti ni 27. Inagawanyika kwa 9 bila baki, na hapo ndipo unaposhuku tarakimu mbili za jirani zimebadilishana nafasi. 27 kwa 9 ni 3, basi natafuta namba ambayo makumi na mamoja yake yanatofautiana kwa 3, na kwa kuwa jumla yetu ndiyo kubwa, makumi yetu ndiyo yaliyozidi. Mstari wa 19 tulikuwa na 63; kwenye picha ni 36. Wanukuzi wote wawili waliandika 63, ndiyo maana ulinganishaji ulipita kimya.

Tofauti ikiwa 6 au 60, angalia 1 na 7. Ikiwa sawa na kiasi cha mstari mmoja mzima ukurasani, huenda jicho liliruka mstari au liliusoma mara mbili. Hesabu mistari kwenye picha. Ukikosa yote hayo, kubali kwamba huenda karani mwenyewe alikosea kujumlisha. Jumla yake iache ilivyo, andika tofauti kwenye safu ya maelezo, uendelee. Usitafute kosa hadi ulizue mwenyewe. Makosa mawili nayo yanaweza kufutana, na jumla haijui lolote kuhusu majina.

Kwenye folda ya “Mabishano” nimekuachia kurasa 11. Tisa zinasubiri msomaji wa tatu tu. Mbili zilizobaki zina doa la maji katikati. Ziombee picha mpya zilizopigwa kwa mwanga wa pembeni kabla hujampa mtu azikodolee macho.