Mmeelewana na mwenye fremu? Ile notisi ifuteni kwa barua

Mwenye fremu alinipa notisi ya miezi 3 tarehe 1 Machi, baadaye tukaelewana niendelee kwa kodi ya laki 4 badala ya 3 na nusu. Msiishie kwenye simu jamani, maneno ya mdomo ni magumu kuthibitisha, siku zikiisha anaweza kuitumia ile notisi kukutoa. Andikeni barua fupi: "Notisi ya tarehe 1 Machi imefutwa kwa makubaliano ya pande zote, mkataba unaendelea, kodi laki 4 kuanzia 1 Juni, masharti mengine yako vilevile." Msaini wote wawili, maana akisaini mmoja tu mwingine anaweza kukana. Ila notisi ikishaisha muda hiyo barua haitoshi, hapo andikeni mkataba mpya.