Kabla Hujachora Umbo la Molekuli, Hesabu Jozi Kwanza

Kabla kalamu haijagusa karatasi, tafuta atomu ya katikati na uhesabu elektroni za ganda lake la nje. Fomula pekee haikuonyeshi umbo. Elektroni zina chaji hasi, hivyo jozi zake husukumana, na kila jozi hukaa mbali na nyingine kadiri inavyoweza.

Chukua maji, H₂O. Oksijeni ina elektroni 6 za nje, na kila haidrojeni huleta 1. Jumla ni 8, yaani jozi 4. Jozi 2 zimeshika haidrojeni. 2 zilizobaki hazijashika kitu, nazo huitwa jozi huru. Wengi huteleza hapa: jozi huru hazionekani kwenye fomula, basi husahaulika, na maji huchorwa kwenye mstari ulionyooka. Jozi 4 zikijitenga sawasawa hutoa pembe ya nyuzi 109.5. Lakini jozi huru huvutwa na kiini kimoja tu, kwa hiyo hutanuka kando ya oksijeni na kuzibana bondi. Pembe ya maji hushuka hadi 104.5.

Amonia, NH₃, nayo ina jozi 4, ila iliyo huru ni 1 tu. Mbano ni mdogo, pembe ni kama 107, na umbo ni piramidi fupi yenye naitrojeni kileleni. Ukitaja jina la umbo, angalia atomu peke yake. Jozi huru haitajwi, ijapokuwa ndiyo iliyofanya kazi ya kusukuma.

Kwa CO₂ kuna tahadhari moja. Bondi maradufu ihesabu kuwa kundi moja, kwa kuwa elektroni zake zote 4 zimeelekea upande mmoja. Kaboni ina makundi 2 na haina jozi huru, hivyo pembe ni nyuzi 180.

Swali la ncha za umeme, yaani kama upande mmoja wa molekuli ni hasi na mwingine chanya, liache mpaka umbo liwe tayari. Ukiliwahi, utaona kwamba oksijeni huvuta elektroni kuliko kaboni (3.44 kwa 2.55 katika kipimo cha Pauling), useme CO₂ ina ncha. Kila bondi yake inazo kweli, lakini oksijeni mbili zinavuta pande zinazokabiliana, kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa: jumla ni sifuri. Katika maji mivuto yote miwili inaegemea upande wa oksijeni, na ukubwa wa ncha zake, ukipimwa kwa kizio kiitwacho debai, ni 1.85. Amonia ina 1.47.

Njia hii inatabiri umbo, wala haitoi nyuzi kamili. H₂S inahesabika sawa na maji, jozi 2 za bondi na 2 huru, lakini pembe yake iliyopimwa ni kama 92. Kwa hiyo kama hukupewa kipimo, andika tu kwamba molekuli imepinda na pembe iko chini ya 109.5.