Skripti ya video kwa viziwi na wasioona: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na vijana wa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, waliokuwa wanatengeneza mchezo mfupi wa video kuhusu utapeli wa pesa za simu. Walishapiga picha na kuhariri, ndipo wakaja kuuliza namna ya "kuongeza manukuu". Mambo mengi waliyohangaika nayo yangekwisha mapema kama wangeanzia kwenye skripti. Kwa hiyo tuanzie huko, na tutumie onyesho lao lilelile.

Safi amesimama kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Simu yake inatoa mlio. Anaangalia kioo, tunaona ujumbe kwamba amepokea shilingi 150,000. Anasema, "Eh! Pesa hizi zimetoka wapi?" Simu inaita. Sauti ya mtu inamwambia amekosea namba, anaomba arudishiwe. Bahati, wakala, anatikisa kichwa nyuma ya dirisha, lakini Safi hamwoni. Anatuma.

Hatua ya 1: Tenganisha vya jicho na vya sikio

Chukua karatasi, chora safu mbili. Kushoto andika yale ambayo mtu hawezi kuyapata bila kuona, kulia yale ambayo hawezi kuyapata bila kusikia. Katika onyesho hili, kushoto kuna ujumbe wenyewe, namba iliyoutuma na kichwa cha Bahati. Kulia kuna mlio wa ujumbe, simu kuita na maneno ya tapeli, ambaye haonekani kabisa.

Tazama jambo moja hapa. Ujumbe halisi wa pesa za simu huja kwa jina la huduma. Huu umetoka kwenye namba ya mtu, inayoanza na 07. Somo zima la video limebebwa na tarakimu hizo ndogo juu ya kioo. Asiyeona akizikosa, hakuna alichojifunza, hata akisikia mazungumzo yote.

Hatua ya 2: Rahisisha maneno kabla ya kitu kingine

Manukuu yanatokana na mazungumzo, kwa hiyo mazungumzo yakiwa marefu manukuu nayo yatakuwa marefu. Viziwi wengi walikua na Lugha ya Alama ya Uganda, na Kiswahili cha kuandikwa kwao ni lugha ya pili au ya tatu. Sentensi yenye "ambaye" mbili inawachosha.

Bahati mwishoni alikuwa anasema: "Usimpatie mtu yeyote namba yako ya siri hata kama atajitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu." Tukaikata: "Usimpe mtu namba yako ya siri. Hata akisema anatoka kampuni ya simu, usimpe." Pia chagua neno moja ushikamane nalo. Ukisema "namba ya siri" mwanzoni, usihamie "pini" katikati na "nywila" mwishoni. Mtazamaji atadhani ni vitu vitatu. Methali na misemo kama "ameingizwa mjini" iache, isipokuwa picha yenyewe inaifafanua.

Hatua ya 3: Manukuu

Mimi natumia Subtitle Edit kwenye kompyuta. Ni ya bure, inaonyesha mawimbi ya sauti, na inakuhesabia herufi kwa sekunde. Programu za simu zinazobandika maneno yanayorukaruka kwa rangi sizipendi kwa kazi hii: zinapendeza, lakini hazisomeki.

Kanuni zangu ni chache. Mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 40 hivi. Mwendo uwe herufi 12 kwa sekunde, nafasi na alama zikihesabiwa. Vipimo vya televisheni hufika 15 au 17, lakini hivyo ni kwa wasomaji wepesi. Sauti zenye maana ziwekwe ndani ya mabano ya mraba, na msemaji asiyeonekana atajwe. Ndani ya faili la manukuu la aina ya SRT inaonekana hivi, namba ya nukuu kwanza, kisha muda wa kuanza na kuisha:

```
12
00:01:08,200 --> 00:01:09,700
[Simu inaita]

13
00:01:10,000 --> 00:01:14,000
MTU KWENYE SIMU:
Dada, samahani, nimekosea namba.

14
00:01:14,100 --> 00:01:17,900
Nirudishie pesa zangu,
mtoto yuko hospitali.
```

Kabla ya sehemu ya sekunde ni mkato, si nukta. Faili lihifadhiwe kwa UTF-8. Mstari ukatike pale maana inapopumzika: usiache "pesa" juu na "zangu" chini.

Wakati ujumbe uko kwenye kioo, usiweke manukuu. Macho hayawezi kusoma mahali pawili kwa pamoja, na kiziwi ataacha ujumbe asome manukuu kwa sababu amezoea kuyategemea. Chelewesha "Eh! Pesa hizi zimetoka wapi?" mpaka ujumbe uwe umesomeka. Kama una mkalimani wa lugha ya alama pembeni, amua kona yake kabla ya kupiga picha, ili mpigapicha asiweke jambo muhimu hapo. Manukuu si badala ya mkalimani: wapo viziwi ambao hawakupata shule, na kwao maandishi ni mapambo tu.

Hatua ya 4: Kueleza picha kwa sauti

Hapa ndipo muda wote unapokwenda.

Uganda tuna mazoea yetu. Kwenye vibanda vya video, ma-VJ hutafsiri filamu za nje huku wakiongeza utani na maoni juu ya waigizaji. Kijana anayepewa kazi ya kueleza picha kwa mara ya kwanza hugeuka VJ papo hapo: anazungumza juu ya mazungumzo, anasema "huyu jamaa ni mwizi kabisa!" Kazi yetu ni kinyume chake. Maelezo yanaingia kwenye mapengo tu, pale ambapo hakuna anayesema, na yanataja kinachoonekana bila kumhukumu mtu.

Anza kwa kupima mapengo. Katika onyesho la Safi, kati ya mlio wa ujumbe na "Eh!" palikuwa na sekunde 4. Kati ya maneno ya mwisho ya tapeli na jibu la Safi palikuwa na sekunde 2. Basi, hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo.

Sasa hesabu silabi, usihesabu maneno. Neno la Kiswahili linaweza kuwa na silabi moja au nane, kwa hiyo idadi ya maneno haikwambii kitu. Silabi 5 kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayesoma bila kukimbia. Sekunde 4 ni silabi 20.

Vijana walikuwa wameandika: "Ujumbe kutoka namba ya kawaida: umepokea shilingi elfu mia na hamsini." Ni silabi 29, karibu sekunde 6. Msomaji wao alijaribu kukimbia, maneno yakamezana, na bado akamkanyaga Safi. Kuongeza mwendo wa sauti kwenye kompyuta hakusaidii. Anayesikia kwa mara ya kwanza hapati kitu.

Una njia tatu. Unaweza kusimamisha picha sekunde mbili ili maelezo yaishe, lakini mchezo unapoteza pumzi yake, na toleo hilo linakuwa refu kuliko lingine. Unaweza kutanguliza maelezo kabla ya mlio, kama kuna kimya. Lakini ukitaja ujumbe kabla haujafika umeharibu mshtuko. Njia ninayoipenda mimi ni kubadilisha skripti. Mpe Safi kazi ya kusema kiasi: "Eh! Elfu mia na hamsini! Zimetoka wapi?" Mtu aliyepokea pesa asizozitarajia hutamka kiasi chenyewe, kwa hiyo haisikiki kama somo. Kwa msomaji wa maelezo kunabaki: "Ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida." Silabi 16, sekunde 3 na kidogo. Imeingia, na pumzi imebaki. Kwa kuwa picha zilishapigwa, walirekodi upya sauti ya Safi na kuilaza juu ya picha ya kioo cha simu, ambapo mdomo wake hauonekani.

Swali lililozua ubishi: je, useme "ujumbe wa uongo"? Hapana. Anayeona hajaambiwa kwamba ni uongo. Ameonyeshwa namba na kuachiwa akili yake. Asiyeona apewe dalili ileile, isizidi wala isipungue.

Pengo la pili ni silabi 10. "Bahati anatikisa kichwa" ni 10 kamili. Walitaka kuandika "anamkataza", lakini hiyo ni tafsiri, na tena haisemi nani anamkataza nani. Kiswahili chetu hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi, kwa hiyo "anamtazama" ya watu watatu ni fumbo. Taja majina. Na ili yatajike, yaingie mapema kwenye mazungumzo. Kama hakuna anayemwita Bahati kwa jina kabla ya hapo, msikilizaji hajui ni nani.

Maandishi ya mwisho nayo yasomwe kwa sauti. Namba ya kuripoti utapeli inayotokea kimyakimya juu ya muziki haipo kwa asiyeona.

Hatua ya 5: Isome kabla ya kurekodi

Tafuta mtu asiyeona, umsomee mazungumzo na maelezo kwa mpangilio wake, ukigonga meza pale simu inapolia. Kiziwi mwonyeshe video na manukuu, sauti ikiwa imezimwa. Walipe nauli ya boda na muda wao. Usiulize "umeelewa?", maana kila mtu atasema ndiyo kwa adabu. Uliza: "Safi alipaswa kushtuka wapi?" Akijibu "Bahati alipotikisa kichwa" bila kutaja namba, basi ujumbe umekaa kwenye kioo muda mfupi mno, au maelezo yake yamefunikwa na kelele za barabarani.

Hatua ya 6: Rekodi na uchanganye

Rekodi ndani ya chumba chenye nguo na mapazia. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, weka sauti ya filamu juu na maelezo chini yake moja kwa moja, chagua ya juu, kisha tumia Auto Duck. Itapunguza filamu kila maelezo yanapoingia. Mpangilio ukiwa kinyume haifanyi kazi.

Hatua ya 7: Kutoa faili

Video nyingi hapa husambaa kwa WhatsApp, na faili la manukuu lililo kando halifuati. Yachome ndani ya picha kwa ffmpeg, programu ya kompyuta inayoendeshwa kwa kuandika amri:

```
ffmpeg -i safi.mp4 -vf subtitles=safi.srt -c:a copy safi_manukuu.mp4
```

Toleo lenye maelezo ya picha liwe faili lake peke yake. Kisha litolee sauti tupu:

```
ffmpeg -i safi_maelezo.mp4 -vn safi_maelezo.mp3
```

Faili hili la mwisho ndilo wasioona wengi watakalolitaka, kwa sababu linakula bando dogo sana. Maelezo yakiwa yameandikwa vizuri, mchezo unasimama wenyewe kama wa redio, na redio ya jamii inaweza kuurusha bila kuugusa.