SOMO: Kumwambia mteja intaneti imekatika, chanzo ni nini na itarudi saa ngapi

Wiki hii watu watano wameniuliza jambo hilihili, kwa hiyo naandika mara moja. Sisi tunagawa intaneti ya faiba mitaani hapa Lubumbashi.

1. Hakikisha pane, yaani hitilafu, ni yako. Wateja kadhaa wa njia moja wakipotea kwa pamoja, ni yako.

2. Tuma SMS. Ujumbe wa WhatsApp haumfikii anayetegemea Wi-Fi yako.

3. Ujumbe wa kwanza utoke ndani ya dakika 15, hata kama chanzo hakijulikani:

"Intaneti imekatika tangu 9:10, Ruashi na Bel-Air. Chanzo bado tunakitafuta. Tutakuandikia tena 10:30."

Hapo hakuna saa ya kurudi. Kuna saa ya habari inayofuata tu, na hiyo unaiweza.

4. Saa ya kurudi. Hapa ndipo nilipoharibu. Siku moja mtambo wa kuchimba barabara ulikata waya wetu. Nilimpigia fundi, akasema "nusu saa tu", nami nikawaandikia wateja wote "itarudi baada ya dakika 30". Fundi alimaanisha nusu saa ya kuunga, akishafika, akishafukua. Tena SMS zingine zilifika kwa kuchelewa, na mtu aliyesoma saa tano akaanza kuhesabu dakika 30 zake pale. Mama mmoja mwenye duka la kuchapisha alifukuza wateja wake akiwaambia warudi baada ya nusu saa. Walirudi mara tatu. Intaneti ilirudi jioni.

Sasa sitaji saa kabla OTDR, mashine ya kupima faiba, haijatuonyesha waya umekatika umbali gani. Kisha nahesabu kazi yote. Tuseme kipimo kimetoka 10:00, kilomita 3.4. Kufika, 10:45. Kutafuta na kufukua, hadi 12:00. Nyuzi 24, kila moja dakika 5 kwa kumenya, kusafisha, kukata na kuunga: 14:00. Kupima, 14:30. Mteja namwambia 16:00, kwa sababu kilomita 3.4 ni za waya, si za barabara. Waya umeachiwa mizunguko ya akiba njiani, kwa hiyo mahali penyewe huwa karibu zaidi ya namba hiyo na kupatafuta kunakula muda.

"Intaneti imekatika tangu 9:10, Ruashi na Bel-Air. Waya wa faiba umekatwa. Mafundi wameshatoka. Tunatarajia irudi 16:00 saa za L'shi. Habari mpya 14:00."

ANGALIA: andika 16:00, usiandike "saa kumi", maana wengine wataisoma 10:00. Na "saa za L'shi" usiiondoe: mteja mwenye ofisi kuu Kinshasa, kule wako saa moja nyuma yetu.

ANGALIA tena: ukiona 16:00 haitafikiwa, waambie mapema, ifikapo 15:00, na useme kimetokea nini. Usingoje saa ipite.

5. Chanzo: andika ulichokiona. "Waya umekatwa" inatosha. Aliyeukata usimtaje.

6. Ikirudi, wajulishe, na uwaambie ambao bado hawana wazime kifaa, wangoje dakika moja, wawashe.

MASWALI

Kijana wa Katuba: Mkubwa, naomba mfano wa ujumbe.
— Iko miwili hapo juu. Soma hatua ya 3 na ya 4.

Fundi Kampemba: Mimi naandika "tunashughulikia, mtuvumilie". Wateja wangu hawalalamiki.
— Wanakupigia simu? Kama wanakupigia kuuliza lini, ujumbe wako haukuwajibu. Mwenye duka anataka kujua kama anunue inite za simu kwa leo au angoje.

Dada wa Kamalondo: Yaya, mteja mmoja akipiga peke yake, nitajuaje kama ni umeme wa kwake au waya wetu?
— Swali zuri, dada. Mwambie aangalie taa za kifaa. Zote zimezimika: hana umeme. `LOS` inamweka nyekundu: mwanga wa faiba haumfikii, tuma fundi. `PON` imetulia na `LOS` imezimika: waya ni mzima, tafuta kwenye Wi-Fi yake au akaunti. Muulize hivyo kabla hujamwandikia mtu mwingine yeyote.

Dada wa Kamalondo: Asante. Na kwa nini SMS yangu moja wananilipisha mbili?
— Umeandika Kifaransa?

Dada wa Kamalondo: Ndiyo, kuna "français" na "être".
— Ni hizo ç na ê. SMS ya kawaida inabeba herufi 160, na é, è, à zimo. Ukiweka ç ndogo au ê, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70. Hata Kiswahili kinaponzwa: simu ikigeuza alama ya ng' kuwa ile iliyopinda, ni hivyohivyo. Andika ile iliyonyooka.

Fundi Kampemba: Hiyo ya ng' sikuijua. Nakwenda kurekebisha ujumbe wangu wote.
— Ukiwa humo, weka na saa.