Somo: Kubadili lugha kwenye simu ya kazi, na kujua msimamizi amefunga nini

Dereva wetu mmoja wa malori ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi alikabidhiwa simu iliyokuwa kwa mwenzake upande wa Kongo. Simu ni nzima, lakini kila kitu kimeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo yeye haijui. Alinipigia kutoka Tunduma akiwa kwenye foleni ya mpakani, fomu ya safari imefunguka na hajui kitufe kipi ni cha kutuma na kipi ni cha kufuta. Nimelisimamia hilo hadi mwisho, na somo hili nimeliandika kwa kufuata hatua tulizopitia. Linahusu simu za Android zinazosimamiwa na mwajiri.

Hatua ya 1: Jua simu uliyonayo ni ya aina gani

Usianze kubonyeza kabla ya kujua hili, maana majibu yote yanatoka hapa.

Kuna simu yako mwenyewe ambayo ofisi imeweka upande wa kazi. Utaitambua kwa programu za kazi zenye alama ndogo ya begi. Hapa msimamizi anatawala ule upande wa begi tu. Lugha ya simu nzima ni yako.

Kuna simu ya kampuni inayosimamiwa yote. Ikiwa imefungwa, kwenye skrini huwa kuna mstari unaosema kifaa hiki ni mali ya shirika fulani. Hapa msimamizi anaweza kufunga lugha akitaka.

Halafu kuna simu iliyobanwa kwenye programu moja au chache, kama zile za kusoma lebo ghalani au za kupokea maagizo. Ukitelezesha kidole hupati mipangilio kabisa. Lugha yenyewe huenda haijafungwa, ila mlango wa kuifikia haupo.

Simu ya dereva wetu ilikuwa ya aina ya pili.

Hatua ya 2: Fika kwenye lugha hata kama huwezi kusoma

Tafuta alama ya gurudumu lenye meno. Hiyo ndiyo mipangilio. Kwa Kifaransa imeandikwa `Paramètres`. Shuka hadi karibu na mwisho, ingia `Système`, kisha `Langues`. Kwenye matoleo ya zamani kidogo utapita kwanza `Langues et saisie`. Kama simu ni ya Samsung, njia ni `Gestion globale`, halafu `Langue`. Kwa Kiingereza maneno hayo ni `Settings`, `System`, `Languages`, na kwa Samsung `General management`, `Language`.

Bonyeza `Ajouter une langue`. Orodha itakayofunguka ina jambo moja la kukuokoa: kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe. Kwa hiyo hata simu ikiwa kwa Kichina, Kiswahili utakikuta kimeandikwa Kiswahili.

Baada ya kuichagua, simu nyingi zitakuuliza nchi. Usibonyeze tu ya kwanza uliyoiona. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 4. Kisha lugha itakaa chini ya Kifaransa kwenye orodha. Shika ile alama ya mistari upande wa kulia, ivute hadi juu kabisa. Watu wengi huishia kuongeza lugha bila kuipandisha, kisha wanadhani imekataa. Kwenye Samsung badala ya kuvuta utaulizwa kama unataka iwe lugha kuu, kubali.

Hatua ya 3: Soma kufuli

Dereva wetu alifika kwenye mstari wa lugha, akaukuta umefifia. Alipoubonyeza kikatokea kisanduku kidogo chenye alama ya kufuli. Kwa Kiingereza kisanduku hicho husema `Blocked by your IT admin`, na kwenye simu nyingine `Action not allowed`. Hiyo si hitilafu wala kirusi. Ni amri iliyowekwa makusudi, na tangu Android 9 ya mwaka 2018 ipo amri maalumu kwa ajili hiyo, jina lake `no_config_locale`. Msimamizi akiiwasha, simu inabaki kwenye lugha iliyokuwapo. Ndiyo maana Kifaransa cha Lubumbashi kilisafiri hadi Dar: aliyefunga alifunga simu ikiwa bado kwa Kifaransa.

Tofautisha hali tatu. Mstari umefifia na una kufuli: msimamizi amefunga. Mstari unafunguka lakini Kiswahili hakimo kwenye orodha: mtengenezaji wa simu hakukiweka, na msimamizi hana kosa. Lugha imebadilika ila programu fulani imebaki na lugha ya zamani: hilo ni suala la programu hiyo, nalo nimelijibu kwenye maswali.

Lugha ikiwa imefungwa, kuna vitu viwili vya kujaribu ambavyo havipiti kwenye mstari huo. Kwanza ni kibodi. Lugha ya kibodi ni kitu tofauti na lugha ya simu, kwa hiyo unaweza kuandika Kiswahili chenye mapendekezo ya maneno huku menyu zikibaki Kifaransa. Gusa sehemu ya kuandika, fungua mipangilio ya kibodi yenyewe, ongeza Kiswahili. Msimamizi anaweza kuzuia usiweke kibodi ya kutoka nje, lakini kibodi iliyokuja na simu hubaki. Pili, kuanzia Android 13 kuna lugha ya programu mojamoja, mstari wake unaitwa `App languages`. Ukifunguka, chagua programu ya kazi na uipe Kiswahili. Zitaonekana tu programu ambazo watengenezaji wake wameziandaa kwa hilo.

Hatua ya 4: Omba kwa maneno yanayotosha

Kumwambia msimamizi "simu inanisumbua lugha" kutakuchelewesha siku tatu. Tuma aina ya simu, toleo la Android, picha ya kile kisanduku chenye kufuli, na lugha unayotaka pamoja na nchi yake. Ombi la dereva wetu lilikuwa sentensi moja: afunguliwe lugha kwa muda, aweke Kiswahili cha Tanzania, kisha wafunge tena. Msimamizi aliiondoa ile amri, simu ikapokea mabadiliko ilipopata mtandao, tukabadilisha, akafunga.

Sasa kuhusu nchi. Mara ya kwanza dereva, kwa kuwa anaelekea Kongo, alichagua Kiswahili cha Kongo. Maneno yakasomeka vizuri. Lakini Kiswahili cha Kongo kwenye simu hufuata uandishi wa namba wa huko: nukta hutenganisha maelfu na mkato ndio wa desimali. Cha Tanzania na Kenya ni kinyume chake. Mita ya gari ilikuwa kilomita 48,210. Kwenye fomu ikaonekana 48.210, akapiga picha ya skrini, akatuma. Karani wa Dar akaingiza kilomita 48 na ushee. Hakuna aliyekosea kusoma. Kila mmoja alisoma kwa desturi ya kwao. Tulipobadili nchi kuwa Tanzania, namba ikarudi 48,210.

Nimekaa kwenye hili kwa sababu ndilo jambo linalowafanya wasimamizi wengi wafunge lugha. Kuna fomu zinazotegemea nukta na mkato, tarehe zinazobadilisha sura, na kuna msaada wa simu ambao husema "bonyeza kitufe cha tatu kilichoandikwa hivi". Mimi naona ni sababu ya kweli, lakini jibu lake ni kufunga simu ikiwa kwenye lugha ya mtumiaji. Dereva asiyejua kitufe cha kufuta atafuta ripoti, na kufuli halitamsaidia.

Maswali ya wanachama

*Kaka, nimebadili simu ya ofisi kuwa Kiswahili na ikakubali, ila programu ya maagizo imebaki Kiingereza. Nimewasha na kuzima, wapi. Kuna kingine cha kufanya?*

Dada, programu nyingi zinazotoka Play Store hushushwa zikiwa na lugha za simu tu ili zisiwe nzito. Ukibadili lugha, Play Store inatakiwa kushusha kipande cha lugha mpya. Kwenye simu za kazi mara nyingi data imebanwa au Play Store imezuiwa kutumia mtandao wa simu, hivyo kipande hakiji. Unganisha Wi-Fi, iache ichaji kwa muda, kisha angalia tena. Ikibaki hivyohivyo, yawezekana programu yenyewe haijatafsiriwa, na hapo wa kuulizwa ni aliyeitengeneza.

*Mkuu, kwa nini nisirudishe tu simu kwenye hali ya kiwandani, nichague Kiswahili mwanzoni?*

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Kwanza msimamizi anaweza kuwa amezuia kuifuta. Pili, kama simu imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni tangu inaponunuliwa, ikiwaka upya na kupata mtandao itajirudisha chini ya usimamizi, nawe utakuwa umepoteza ripoti ambazo hazijatumwa. Unaweza kukuta imeomba akaunti ambayo huna, ukabaki huna simu katikati ya safari.

*Nimeona programu zinazodai kubadili lugha kwa nguvu. Zinafanya kazi?*

Zinahitaji kupewa ruhusa maalumu kupitia kompyuta, na hiyo inataka uwashe utatuzi wa USB, ambao kwenye simu za kazi kwa kawaida umefungwa. Hata kama umeachwa wazi, unakwepa amri ya mwajiri kwenye kifaa chake. Ombi lenye picha ya kufuli ni fupi kuliko kujieleza baadaye.

*Simu ni yangu, ofisi imeweka begi tu. Je, wataona nimeweka lugha gani, au kunilazimisha Kiingereza?*

Kukulazimisha lugha ya simu nzima hawawezi. Upande wa begi hufuata lugha ya simu yako. Ukitaka programu moja ya kazi ibaki Kiingereza, shikilia alama yake, ingia kwenye taarifa za programu, uone kama kuna mstari wa lugha.

*Mimi ndiye msimamizi, nina simu 40 za ghala zilizobanwa kwenye programu moja. Vijana wanataka Kiswahili. Nianzie wapi?*

Mwalimu, kwa simu mpya kazi ni nyepesi. Kwenye skrini ya kukaribisha, kabla ya kugusa mara 6 ili kusoma msimbo wa QR, chagua Kiswahili na nchi. Unaweza pia kuiweka ndani ya msimbo wenyewe:

```json
"android.app.extra.PROVISIONING_LOCALE": "sw_TZ"
```

Kwa zilizokwisha kusajiliwa, zitoe kwanza kwenye ule ubanaji ili mipangilio ifikike, badilisha lugha, kisha uzirudishe. Anza na moja, uijaribu fomu yenye desimali na tarehe, ndipo uende kwenye nyingine. Kama unataka kuhakikisha amri ya lugha ipo au haipo kwenye simu ya majaribio yenye utatuzi wa USB, tumia:

```
adb shell dumpsys user
```

Ukiona `no_config_locale` kwenye orodha ya vizuizi, bado imefungwa. Usipoiona na mstari umefifia, angalia kama simu ina msimamizi wa pili wa mtengenezaji anayeweka vizuizi vyake mwenyewe.