Somo: Kukokotoa akiba ya kila mwezi kwa ajili ya malipo ya awali ya nyumba ya kwanza

Nitatumia hesabu ya mwalimu mmoja anayepanga kununua nyumba ya vyumba viwili Kitengela, ambayo leo inauzwa shilingi 3,500,000 za Kenya. Benki itamkopesha asilimia 90 ya bei, naye atoe asilimia 10. Tayari ana shilingi 90,000, na anataka kununua baada ya miaka mitatu.

Hatua ya kwanza ni kujua lengo kamili, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huhesabu ile asilimia 10 peke yake. Mnunuzi ndiye anayelipa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini na asilimia 2 kwa iliyo mashambani. Kisha kuna wakili, mthamini na ada za benki. Gharama hizi tatu nimezitengea asilimia 3, lakini wewe omba makadirio ya maandishi kwa wakili na kwa benki yako, kisha utumie hayo badala ya yangu. Kwa ile asilimia 4 ya mjini, jumla ni asilimia 17 ya bei.

Hatua ya pili ni kupiga hesabu kwa bei ya siku ya kununua. Tukikadiria kwamba bei itapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, nyumba hiyo itafikia takriban shilingi 4,052,000 baada ya miaka mitatu, na asilimia 17 yake ni 689,000. Kwa bei ya leo angepata 595,000, na siku ya kununua angejikuta amepungukiwa na shilingi 94,000.

Hatua ya tatu ni kupata kiasi cha mwezi. Tuseme fedha zinakaa katika mfuko wa soko la fedha unaotoa asilimia 10 kwa mwaka. Riba hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15, kwa hiyo kinachobaki ni asilimia 8.5, nayo ndiyo tunayoitumia. Andika hivi kwenye jedwali la kompyuta au la simu:

```
=PMT(0.085/12, 36, -90000, 689000)
```

Jibu litatokea na alama ya kutoa, kwa kuwa ni fedha zinazotoka mfukoni mwako: takriban shilingi 14,030 kila mwezi.

Hatua ya nne ni kulipima jibu hilo kwa mshahara. Mwalimu wetu alipotoa kodi ya nyumba, chakula, nauli na karo, aliona kwamba anaweza kuweka 12,000 tu bila kukopa katikati ya mwezi. Basi muda ndio unaorefuka, lakini usigawanye 689,000 ileile kwa miezi mingi zaidi, kwani kila mwezi unaoongezeka bei nayo inasogea. Nilipozifuatilia akiba na bei mwezi baada ya mwezi, akiba ililifikia lengo mwezi wa 43, likiwa limefika karibu 709,000. Kila baada ya miezi sita ulizia bei ya nyumba za aina hiyo mtaa uleule. Ikiwa imepanda kuliko ulivyokadiria, rudia hesabu papo hapo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi naweka akiba katika chama cha akiba na mikopo. Je, naweza kuijumlisha katika hesabu hii?*

Tenganisha aina mbili, ndugu yangu. Akiba inayotumika kama dhamana ya mikopo haitolewi ukiwa bado mwanachama; ni lazima ujitoe na kusubiri muda wa notisi, ambao kwa kawaida ni siku 60, na kama umemdhamini mtu itazuiliwa hadi upatikane mdhamini mwingine. Usiihesabu. Ile ya akaunti unayoweza kutoa wakati wowote ihesabu yote.

*Januari, Mei na Agosti karo hunimaliza kabisa. Nifanyeje?*

Panga tangu mwanzo kwamba miezi hiyo mitatu huweki kitu. Kwa mfano wetu wa 14,030, mwaka mzima ni 168,360. Gawanya kwa miezi tisa, upate takriban 18,710. Kama kiasi hicho hakiwezekani, refusha muda kama tulivyofanya katika hatua ya nne.

*Je, nikinunua kupitia mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, asilimia 17 inabaki vilevile?*

Hapana, dada. Anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango huo amesamehewa ushuru wa stempu, kwa hiyo ondoa ile asilimia 4. Hakikisha tu kwamba nyumba yenyewe imo katika mpango, kwa sababu nyumba ya mjenzi binafsi inayotangazwa kuwa ya bei nafuu haipati msamaha kwa jina hilo pekee.